Pombe ya kutoa stresi ni mkopo, na riba yake unailipa alfajiri

Leo nagusa kitu ambacho hakiandikwi kwenye daftari la mauzo lakini kinakula biashara.

Hapa Sanya Juu mtu akiwa na mawazo, jibu la haraka ni "twende tukapate mbili tatu". Na sisi wa mtandaoni mawazo hatukosi: mzigo umeshatumwa, mteja hapokei simu, umeposti wiki nzima, hakuna hata aliyeuliza bei. Ukinywa, moyo unatulia kweli. Ila utulivu huo ni wa mkopo.

Iko hivi. Ubongo una kemikali zinazokanyaga breki, zinakutuliza, na nyingine zinazokanyaga mafuta, zinakuchangamsha. Pombe inaikanyaga breki. Ubongo nao ukizoea kuletewa breki kutoka nje kila jioni, unalegeza ya kwake na kuongeza mafuta ili mambo yalingane. Pombe ikiisha mwilini, breki imelegea na mafuta bado yamekanyagwa. Hapo ndipo unapata wasiwasi, moyo kwenda mbio na huzuni isiyo na sababu.

Tupige hesabu. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi. Ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa hiyo bia moja inataka saa 2 hadi 3, na bia tatu saa 6 hadi 8 au zaidi kidogo. (Mbege siwezi kukupigia hesabu, maana ukali wake hutofautiana kwa kila mpishi.)

Chukulia muuzaji wa vitenge anayekunywa bia tatu kuanzia saa 2 usiku. Saa 4 analala fofofo. Kuanzia saa 8 usiku hivi mpaka alfajiri kilevi kinamwishia, anashtuka, na deni la juzi linaonekana kubwa kama mlima. Amelala saa nyingi lakini hakupumzika, kwa sababu pombe huvuruga usingizi, hasa ule wa nusu ya pili ya usiku.

Wiki ya kwanza ni uchovu tu. Wiki ya tatu, bia tatu hazitulizi kama zamani, anaongeza ya nne. Meseji za asubuhi anazijibu saa 6 mchana, na wateja wameshahamia kwa mwingine. Mwezi wa pili hata oda ikiingia hafurahi. Sasa ana sababu mpya za huzuni: mauzo yameshuka, hela ya mtaji imeenda baa, nyumbani hawaelewani. Anasema "nakunywa kwa sababu nina mawazo", bila kuona kwamba mengi ya mawazo hayo yanaletwa na chupa.

Utajuaje kipi kinaleta kipi? Mwaka 1988 watafiti wa Marekani, Brown na Schuckit, walichapisha matokeo ya wanaume waliolazwa kwa uraibu wa pombe. Walipoingia, asilimia 42 walikuwa na dalili nzito za sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni. Baada ya wiki 4 bila pombe, waliobaki na dalili hizo walikuwa asilimia 6 tu. Wengi walipata nafuu kwa kukaa bila pombe, wala hawakuhitaji dawa za sonona.

Kwa hiyo kipimo chako ni wiki 4 bila pombe kabisa. Kila asubuhi andika kwenye daftari lile lile la mauzo: nimelala vipi, na moyo ukoje, kuanzia 1 hadi 10. Usikate tamaa wiki ya kwanza, maana usingizi unaweza kuwa mbaya zaidi na hasira zikawa karibu. Ndiyo riba ya mwisho inalipwa. Linganisha wiki ya kwanza na ya nne.

Ila mambo mawili. Kama unakunywa sana kila siku, au ukikosa pombe asubuhi mikono inatetemeka na jasho linakutoka, usiache ghafla peke yako. Unaweza kupata degedege na hata kufa. Anza hospitali ya wilaya hapa Siha, wakiona inafaa watakupeleka Mawenzi au KCMC pale Moshi. Pili, kama wiki 4 zimepita na huzuni iko pale pale, hiyo inaweza kuwa sonona yenyewe na ina matibabu, nenda ukaonane na daktari. Na ukipata wazo la kujidhuru, usisubiri wiki yoyote: mwambie mtu wa karibu na mwende hospitali siku hiyo hiyo.