Vyeo Vinne kwa Mwajiri Mmoja

Mtu aliyeingia benki kama mhudumu wa kaunta na leo ni meneja wa tawi amefanya jambo ambalo waajiri hulipenda sana: amekaa mahali pamoja na amepanda. Lakini mtu huyohuyo ndiye ambaye wasifu kazi wake husomwa vibaya kuliko wa wengine, na kwa kawaida hajui, maana anayeachwa nje ya orodha fupi haelezwi sababu.

Tumchukue mwombaji wa mfano. Aliajiriwa Machi 2014 kwenye kaunta. Juni 2017 akawa ofisa mikopo, Februari 2020 ofisa mikopo mwandamizi, na Septemba 2022 akakabidhiwa tawi. Januari 2025 anaomba kazi ya umeneja kwenye taasisi nyingine, na tangazo linataka uzoefu wa miaka minane katika benki, angalau miwili ikiwa ya uongozi. Anazo sifa zote mbili. Katika wasifu ameandika jina la benki mara moja juu, pembeni yake "2014 – sasa", kisha chini yake vyeo vinne vimepangwa kimoja baada ya kingine, kila kimoja na miaka yake. Kwa jicho la binadamu ni mpangilio mzuri, tena unapendeza.

Shida ni kwamba siku hizi kampuni nyingi kubwa na mashirika ya kimataifa hupokea maombi kupitia mfumo wa kompyuta, na programu ndiyo inayosoma wasifu kwanza. Programu hiyo huyakata maandishi vipandevipande, ikitafuta vitu vitatu vinavyokaa pamoja: mwajiri, cheo na tarehe. Ikivikuta vitatu hivyo, inahesabu kazi moja na kujaza visanduku vyake. Wasifu wa mwombaji wetu una mwajiri mmoja, vyeo vinne na tarehe tano, kwa hiyo programu inalazimika kubahatisha.

Inaweza kuuoanisha mwaka 2014 na cheo cha juu kabisa, na kompyuta ikaonyesha mtu aliyekuwa meneja wa tawi kwa karibu miaka 11. Kosa hili linaonekana kama bahati, lakini ndilo la hatari zaidi, kwa sababu siku ya usaili, barua zake zitakapoonyesha chini ya miaka mitatu ya umeneja, atadhaniwa alidanganya. Au programu inachukua cheo cha kwanza pamoja na tarehe zake na kuviacha vile vitatu vya chini bila mwajiri. Hapo uzoefu wake wote unabaki miaka miwili na miezi kadhaa, na kama mfumo umewekewa kigezo cha miaka minane, anaondoka kabla binadamu hajamwona. Baadhi ya mifumo hujumlisha kila kipindi inachokiona: ule mstari wa juu wa karibu miaka 11, na vile vipindi vinne ambavyo navyo jumla yake ni hiyohiyo. Zinapatikana karibu miaka 22. Programu zilizo bora hutambua kwamba vipindi vimepandana na kuvihesabu mara moja, ila mwombaji hana njia ya kujua amekutana na ipi.

Dawa ninayoiamini ni kurudia. Kila cheo kipewe kifungu chake kamili, na jina la mwajiri liandikwe tena kila mara, herufi kwa herufi, pasipo kufupisha mahali pamoja na kurefusha pengine. Ule mstari wa jumla wa "2014 – sasa" uondolewe. Vifungu viwili vya juu vya mwombaji wetu vingesomeka hivi:

Jina la benki, Mwanza
Meneja wa Tawi
09/2022 – sasa
Alipandishwa kutoka Ofisa Mikopo Mwandamizi.

Jina la benki, Mwanza
Ofisa Mikopo Mwandamizi
02/2020 – 08/2022
Alipandishwa kutoka Ofisa Mikopo.

Ule mstari wa nne ni kwa ajili ya binadamu. Ofisa rasilimali watu mwenye maombi mia mbili mezani huupitisha macho wasifu haraka, na akiona vifungu vinne vyenye tarehe nne anaweza kudhani huyu ni mtu wa kuhamahama. Neno "alipandishwa" linamtoa wasiwasi papo hapo. Liandikwe pale tu ilipokuwa kweli. Aliyetolewa idara moja kwenda nyingine kwa daraja lilelile aandike "alihamishwa", na kama cheo kilibadilishwa jina tu huku kazi na mshahara vikibaki vilevile, basi hicho ni kifungu kimoja, na jina la zamani litajwe ndani yake.

Tarehe nazo zina mitego. Ukiandika "2022 – 2023" bila miezi, inaweza kuwa miezi miwili au karibu ishirini na minne, na mfumo utachagua wenyewe. Mwezi kwa tarakimu una faida kwetu: programu iliyozoea Kiingereza inaweza kushindwa na "Septemba", lakini 09/2022 inaielewa. Siku usiiweke, maana 03/09/2022 kwa Mmarekani ni tarehe tisa Machi. Na kama wasifu umeandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo kwa wasifu nyingi zinazotumwa huku kwetu, neno la mwisho liwe Present.

Kuna waliopanda vyeo huku mwajiri naye akibadilika jina. Barclays Bank of Kenya ilianza kuitwa Absa Bank Kenya mwaka 2020. Mfanyakazi aliyekuwepo kabla na baada, akiandika jina la wakati ule kwenye kila kifungu, anaonekana ana waajiri wawili. Atumie jina la sasa kote, na kwenye vifungu vya zamani aongeze katika mstari wa maelezo kwamba wakati huo benki iliitwa Barclays.

Kabla ya kutuma, fungua faili, chagua maandishi yote, yanakili na kuyabandika kwenye Notepad. Kama tarehe zimekimbilia chini zote pamoja, au cheo kimetengana na mwajiri wake, kuna uwezekano mkubwa kwamba programu nayo itakutana na mchafuko huohuo. Mara nyingi chanzo ni jedwali au safu mbili zilizowekwa kwa ajili ya urembo. Na pale mfumo unapojaza fomu wenyewe baada ya kupakia wasifu, pitia kisanduku kimoja kimoja. Ni kazi ya kuchosha, na wengi hubonyeza kuendelea, ilhali hapo ndipo unapoyaona makosa ya programu kwa macho yako na kuyarekebisha. Fomu ya P.11 ya Umoja wa Mataifa, ambayo wengi Nairobi na Arusha wameijaza, inaagiza waziwazi kila cheo kipewe sehemu yake.

Kukaimu ndiko kunakowachanganya wengi. Tuseme mwombaji wetu alikaimu umeneja kuanzia Machi hadi Agosti 2022 kabla ya kuthibitishwa. Miezi hiyo sita ni uzoefu halali wa uongozi, lakini akiianzisha tarehe ya umeneja Machi, barua ya kupandishwa itasema Septemba na wasifu utapingana nayo. Aiache Septemba pale ilipo, na katika kifungu cha ofisa mwandamizi aandike: "Kaimu Meneja wa Tawi, 03/2022 – 08/2022", akiwa na barua ya kukaimishwa mkononi.