Kufasiri Hojaji na Kuirudisha katika Lugha ya Asili

Mtafiti anapotaka kuwauliza watu wa lugha mbili maswali yale yale, hana budi kuhakikisha kwamba maswali hayo yamebaki yale yale baada ya kufasiriwa. Njia iliyozoeleka ni hii. Mtu wa kwanza aifasiri hojaji, mathalani kutoka Kiingereza hadi Kiswahili. Mtu wa pili, ajuaye lugha zote mbili lakini hakuiona hojaji ya asili, aichukua ile ya Kiswahili na kuirudisha katika Kiingereza. Kazi hii ya pili tutaiita tafsiri rejeshi. Kisha Kiingereza cha kwanza na Kiingereza kilichorudi hulinganishwa sentensi kwa sentensi. Mahali palipotofautiana, kosa hutafutwa na kusahihishwa, na hatua hizo hurudiwa mpaka tofauti za maana ziishe.

Mwaka 1970 Richard Brislin alichapisha uchunguzi wake juu ya njia hii, aliowatumia watu 94 wa Chuo Kikuu cha Guam wenye kujua lugha mbili, nao walikuwa wasemaji wa lugha kumi. Tangu hapo watafiti wengi wamelishika jina lake kama hati ya ithibati: hojaji ikiisha kurudishwa na kufanana na ya asili, husemekana kuwa imethibitishwa. Lakini Brislin mwenyewe alitahadharisha kwamba tafsiri rejeshi yaweza kufanana na asili ilhali tafsiri iliyo katikati ni mbovu, naye alitaja sababu tatu. Katika makala hii nataka kuzionyesha sababu hizo kwa mifano ya Kiswahili, maana nadhani katika lugha yetu hatari hiyo ni kubwa kuliko idhaniwavyo.

Kwanza tuitendee haki njia yenyewe, kwa kuwa yako makosa inayoyakamata vizuri. Tuseme swali la Kiingereza lauliza kama mgonjwa amevimba sehemu iliyo chini ya kifundo cha mguu. Kiingereza kina neno moja kwa sehemu hiyo na neno jingine kwa mguu uliobaki. Mfasiri aandika tu, "Je, umevimba mguu?" Mrejeshaji, kwa kuwa hakuona asili, atarudisha neno la mguu mzima, na tofauti itaonekana mara moja. Dawa yake si ngumu: swali litaje "mguu kuanzia kwenye kifundo hadi vidoleni." Hapa tafsiri rejeshi imefanya kazi yake, kwa sababu upungufu wa neno umejitokeza wazi katika Kiingereza kilichorudi.

Sasa tutazame sababu ya kwanza ya Brislin, nayo ni kwamba wafasiri wawili huweza kuwa na mapatano ya kimya juu ya neno ambalo kwa kweli halilingani na mwenzake. Katika uchunguzi wa afya za watoto, mama huulizwa kama mtoto wake alikuwa na joto la mwili lililozidi kiasi wakati wowote katika majuma mawili yaliyopita. Mfasiri yeyote aliyesoma shule ataandika "homa," na mrejeshaji yeyote aliyesoma shule atairudisha "homa" hiyo kwa neno lile lile la Kiingereza lililoanza. Ulinganifu ni kamili. Lakini mama aulizwaye hakujifunza neno hilo katika kamusi. Mtu husema ana homa kwa uchovu, kwa maumivu ya viungo au kwa baridi impitayo mwilini, hata kama ngozi yake si ya moto. Tena, Peter Winch na wenzake walipochunguza majina ya maradhi ya namna hii katika wilaya ya Bagamoyo katika miaka ya 1990, waliona kwamba degedege lilihesabiwa kuwa ugonjwa wa mbali, usiohusishwa na homa ya malaria. Basi yaweza kutokea kwamba mama wa mtoto mchovu ajibu "ndiyo," na mama wa mtoto aliyeshikwa na degedege, mwili ukiwaka moto, ajibu "hapana," kwa kuwa ugonjwa wa mwanawe una jina lake. Hesabu ya watoto wagonjwa itakosewa upande huu na upande huu, na walio hatarini zaidi ndio watakaoachwa nje. Hakuna tafsiri rejeshi itakayolionyesha kosa hili, maana wafasiri wote wawili wamesimama upande mmoja wa mto.

Sababu ya pili ni ustadi wa mrejeshaji mwenyewe. Chukua sentensi hii: "Je, mlezi alimpa mtoto dawa alipokuwa mgonjwa?" Ni nani aliyekuwa mgonjwa, mlezi au mtoto? Kiambishi *a-* hakisemi. Mrejeshaji mwenye akili atafahamu kwamba ni mtoto, na Kiingereza chake kitasema hivyo waziwazi. Nakiri kwamba mimi mwenyewe, nilipokuwa nikisoma ng'ambo, nilipewa kazi ya kurejesha na nikatengeneza sentensi nyingi za namna hii pasipo kujua. Nilisifiwa kwa kazi safi, kumbe nilikuwa nimefunika nyufa. Ilifaa sentensi igeuzwe: "Mtoto alipokuwa mgonjwa, je, mlezi wake alimpa dawa?" Tangu siku hizo huwaagiza warejeshaji watie alama kila mahali walipolazimika kukisia.

Sababu ya tatu ni kubakiza umbo la lugha ya asili. "Je, mtoto amekuwa na ugonjwa wenye kikohozi katika wakati wowote katika majuma mawili yaliyopita?" Sentensi hii hurudi katika Kiingereza bila kupoteza hata neno moja, kwa sababu ni Kiingereza kilichovikwa kanzu. Sentensi njema, "Katika majuma mawili yaliyopita, je, mtoto alikohoa?", yaweza kurudi ikiwa na tofauti kidogo, na mtu asiyejua akaiona ndiyo mbaya. Hivyo kipimo chenyewe humpendelea mfasiri wa neno kwa neno.

Tena liko jambo ambalo tafsiri rejeshi haiwezi kulifikia kabisa, nalo ni jibu. Ukiuliza, "Mtoto hakulala katika chandarua?" na mama akajibu "ndiyo," amekubali kwamba hakulala. Mwandishi aliyezoea desturi ya Kiingereza aweza kuandika kinyume chake.

Nini basi kifanyike? Werner na Campbell, mwaka huo huo wa 1970, walishauri kwamba hojaji ya asili nayo ihesabiwe kuwa yaweza kurekebishwa. Likionekana neno lisilo na mwenzake, swali lenyewe ligeuzwe katika lugha zote mbili. Kwa mfano wetu, pande zote ziulize kama mwili wa mtoto ulikuwa wa moto, kisha degedege liulizwe peke yake kwa jina lake. Lakini pale hojaji imekwisha kutumika katika nchi nyingine na hesabu zitalinganishwa, swali la asili haliguswi. Hapo litabaki kama lilivyo, na lile la degedege liongezwe baada yake.

Lililo la lazima ni kuwasomea maswali wasemaji wasiojua Kiingereza, na kumwambia kila mmoja, "Nieleze kwa maneno yako umeulizwa nini." Watakaojaribiwa wasiwe wajuao lugha mbili, kwa kuwa hao nao huielewa homa kama aielewavyo mganga wa hospitali. Tafsiri rejeshi ituonyeshe makosa ya mfasiri. Lakini maana ya swali yajulikana kwa yule atakayelijibu.