Barua ya Kuomba Kanuni Moja ya Kusubiri na Kurudia Maombi

Mifumo mikubwa ya kompyuta siku hizi hujengwa kwa huduma nyingi ndogo zinazotumiana maombi kupitia mtandao. Huduma inayoomba haina budi kuamua mambo mawili: isubiri jibu kwa muda gani, na jibu lisipofika, irudie ombi mara ngapi. Katika timu nyingi hakuna aliyewahi kukaa chini akaamua. Kila mwandishi wa programu huweka namba anayoiona inafaa, au haweki yoyote na kuiachia zana yake. Maktaba ya `requests` ya Python, kwa mfano, haiweki kikomo cha kusubiri mpaka iambiwe, na ndivyo ilivyo pia kwa programu ya kawaida ya kutuma maombi ya HTTP katika lugha ya Go. Barua ya kumwomba kiongozi wa timu akubali kanuni moja kwa huduma zote za ndani huanzia hapo, kwa kumwonyesha kinachotokea namba hizo za kubahatisha zinapokutana.

Mfano mzuri ni mfumo wa kuuza tiketi za basi. Ombi la abiria hupokelewa na lango, lango huita huduma ya oda, oda huita huduma ya malipo, na malipo husoma hifadhidata. Tuseme kila mwenye kuita amepangiwa majaribio matatu. Hifadhidata ikilegea, malipo itaiuliza mara tatu kisha ikate tamaa. Oda itaiita malipo upya mara tatu, na lango litaiita oda mara tatu. Ombi moja la abiria linaweza kuzaa maswali 27 kwa hifadhidata, maana 3 × 3 × 3 ni 27. Hifadhidata inayopokea maswali 600 kwa sekunde siku ya kawaida, na yenye uwezo wa kubeba 1,000, haiwezi kuhimili hata mara mbili ya mzigo wake. Kilichoilegeza awali kinaweza kupita baada ya sekunde kumi, lakini mzigo wa marudio hubaki na kuendelea kuizuia isiinuke.

Hali ya namna hii imewahi kutokea kwenye mifumo ya watu wenye ujuzi mkubwa. Tarehe 20 Septemba 2015, huduma ya DynamoDB ya Amazon ilikwama kwa saa kadhaa katika kituo chake cha mashariki ya Marekani. Hitilafu fupi ya mtandao ilizifanya seva nyingi za kuhifadhi data ziombe kwa pamoja taarifa kutoka huduma ya ndani. Majibu yakachelewa kupita muda uliowekwa, seva zikaendelea kuomba tena, na huduma ile ikaelemewa kiasi kwamba hata kuiongezea uwezo kulishindikana. Wahandisi walilazimika kuyasimamisha maombi hayo kwanza ndipo wakaweza kuongeza uwezo.

Kasoro ya pili ni muda uliopinduka. Tuseme lango husubiri sekunde 2, oda sekunde 5, na malipo sekunde 30. Lango likikata tamaa na kutuma ombi jipya, oda bado inalishughulikia lile la kwanza, na huko chini malipo inaisubiri hifadhidata kwa ajili ya jibu ambalo hakuna tena wa kulipokea. Kanuni nzuri hupanga muda kuanzia chini kwenda juu, kwa vipimo. Kumbukumbu za mfumo zikionyesha kwamba majibu 999 kati ya 1,000 ya hifadhidata hufika ndani ya milisekunde 240, kikomo cha milisekunde 300 kinatosha. Majaribio mawili, pamoja na mapumziko yasiyozidi milisekunde 100 katikati, huchukua 700 kwa jumla. Kwa hiyo oda iisubiri malipo milisekunde 900, na lango liisubiri oda 1,200. Bora zaidi, kila ombi lisafiri na muda wake uliobaki, ili huduma ya chini iache kazi ambayo muda wake umekwisha. Mfumo wa gRPC hufanya hivyo kwa kichwa cha ombi kiitwacho `grpc-timeout`.

Kwa mwito wa malipo kwenda hifadhidata, kanuni inayopendekezwa yaweza kuandikwa kwa mistari michache:

```
timeout_ms: 300
max_attempts: 2
backoff_max_ms: 100
retry_budget: 0.10
```

Mstari wa tatu unahusu mapumziko kabla ya kurudia. Urefu wake uchaguliwe kwa nasibu kati ya sifuri na 100, kwa sababu maombi elfu moja yaliyoshindwa kwa pamoja, yakipumzika muda uleule, yatarudi kwa pamoja. Mstari wa nne ndio wenye uzito kuliko yote: marudio yasizidi asilimia 10 ya maombi ya asili. Kwa bajeti hiyo, hata kila ombi likishindwa, maswali 600 ya hifadhidata huwa 660 tu. Kuna tahadhari moja. Huduma inayotuma maombi matano kwa sekunde haipati hata rudio moja kutoka asilimia 10, hivyo iruhusiwe angalau rudio moja kila sekunde.

Marudio yafanywe na huduma iliyo moja kwa moja juu ya iliyoshindwa, hapo tu. Malipo ikishaijaribu hifadhidata mara mbili, iirudishie oda kosa lenye alama ya kwamba halirudiwi, na oda ilipandishe kosa hilo hadi kwa lango. Kosa la `400`, lenye maana kwamba ombi lenyewe lina dosari, halirudiwi kamwe. `503`, yaani huduma haipatikani kwa sasa, huweza kurudiwa ndani ya bajeti.

Sehemu inayostahili uangalifu mkubwa kuliko zote ni maombi yanayobadilisha kitu. Muda wa kusubiri kwisha hakumaanishi kazi haikufanyika. Huenda fedha zimeshakatwa na ni jibu tu lililopotea njiani. Rudio la kizembe litamkata abiria nauli mara mbili. Kwa hiyo kanuni iseme wazi: maombi ya kusoma hurudiwa, ya kuandika hurudiwa tu yakibeba namba ya pekee isiyobadilika katika kila jaribio. Huduma ya malipo huihifadhi namba hiyo pamoja na muamala katika hatua moja ya hifadhidata, na ikiiona tena hurudisha jibu la mwanzo bila kukata fedha upya. Zikihifadhiwa kwa hatua mbili, mashine ikizimika katikati kinga yote hupotea.

Barua isimfiche kiongozi gharama. Baadhi ya maombi ambayo yangefaulu katika jaribio la tatu sasa yatashindwa, na abiria ataona ujumbe wa kosa mapema zaidi. Kazi ndefu, kama ripoti ya mauzo ya mwezi, haziwezi kuishi ndani ya milisekunde 300. Hizo ziende kwenye foleni, au zipewe muda wao kwa maandishi, pamoja na sababu na jina la timu inayohusika.

Utekelezaji uanze kwa kupima bila kubadilisha chochote: kila huduma ihesabu majaribio yote na kuyagawa kwa maombi ya asili. Uwiano wa karibu 1.0 ni wa kawaida, ukifika 1.1 chini ya kanuni mpya, bajeti imekwisha na kuna kitu kinachoumwa chini. Baada ya kupima, ianzwe huduma moja ya kusoma tu, mfano orodha ya ratiba za mabasi, na hifadhidata yake ya majaribio icheleweshwe kwa makusudi ili ionekane kama mzigo unabaki chini ya asilimia 110. Malipo yaje mwisho, baada ya namba za pekee kukaguliwa kwa kutuma ombi lilelile mara mbili na kuhakikisha muamala umeandikwa mara moja.