Mashine ya Kuomba Urafiki

Juma hili napenda kujibu swali nililoulizwa na kijana mmoja wa hapa kwetu Mutuka. Kijana huyu ni mwongoza watalii. Huwapeleka wageni kwa mtumbwi kutazama viboko katika Ziwa Babati, na wenye miguu imara huwapandisha Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Shida yake ni wageni wachache. Akaniambia, "Mzee, nimesikia iko programu ambayo ukiilipia kila mwezi inakuombea urafiki kwa mamia ya mawakala wa safari wa Ulaya wewe ukiwa umelala. Je, niinunue?"

Urafiki anaousema ni ule wa LinkedIn, mtandao ambamo watu wa kazi na biashara hufahamiana. Humo huwezi hivi hivi tu kumwandikia mtu usiyemjua. Kwanza unambonyezea kitufe kilichoandikwa Connect, naye akikubali ndipo mnapoweza kuandikiana. Programu anayoitaka kijana hufanya kazi hiyo ya kubonyeza. Unaipa orodha, kwa mfano mawakala wote wa safari wa Ujerumani, nayo inafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, inabonyeza, inasubiri sekunde kadhaa ili ionekane kama binadamu, kisha inaendelea. Mtu akikubali, inamtumia barua uliyoiandika mara moja tu, yenye pengo la kujazwa jina.

Sasa tuitazame hesabu, maana hapo ndipo penye jambo. Tangu mwaka 2021 LinkedIn imeweka kikomo cha maombi ambayo mtu mmoja anaweza kutuma kwa juma. Kampuni haitangazi idadi kamili, lakini watumiaji wengi hukwama wakikaribia 100, na akaunti changa au yenye sifa mbaya hukwama mapema zaidi. Kikomo hiki hakijali kama aliyebonyeza ni kidole au mashine. Basi jiulize, kubonyeza mara 100 kwa mkono huchukua muda gani? Ukitumia sekunde tano kwa kila mmoja, hazifiki hata dakika kumi. Kwa hiyo kijana wetu angelipa fedha kila mwezi ili aokoe dakika kumi kwa juma! Kazi iliyo ghali ni kujua umwombe nani na umwambie nini, na hiyo mashine haiigusi.

Liko na la pili. Anayepokea ombi na kulikataa huulizwa kama anamfahamu aliyelituma. Akijibu kwamba hamfahamu, jibu hilo linaandikwa kwenye hesabu yako bila wewe kuliona. Wakijibu hivyo wengi, au maombi yako mengi yakibaki yananing'inia bila jibu, LinkedIn hukubana. Dalili ya kwanza ni kuambiwa umefikia kikomo wakati bado siku ni za mwanzo wa juma. Dalili nyingine ni kutakiwa uandike anwani ya barua pepe ya kila unayemwomba, anwani ambayo kwa kawaida huijui. Ya mwisho ni kufungiwa akaunti mpaka uonyeshe kitambulisho.

Tena masharti ya mtandao huo yanakataza waziwazi kutumia programu za namna hii, wala kuzigundua si kazi ngumu sana. Ziko ambazo hazikai kwenye kompyuta yako, bali hukaa kwenye mitambo ya nchi nyingine na kuingia kwa kutumia ufunguo wa akaunti yako. Hapo akaunti moja inaonekana iko Babati na iko ng'ambo kwa dakika ile ile. Na kumpa mgeni ufunguo huo ni sawa na kumpa nyumba. Akitaka kusoma barua zako zote atazisoma.

Najua mtu atasema: "Hata hivyo mashine itapata watu wengi zaidi." Haya, tufanye mfano. Tuseme mashine inatuma maombi 100 kwa juma na watu 15 wanakubali. Tuseme kijana, kwa mkono wake, anatuma 20 tu aliyoyafikiria, na 10 wanakubali. Baada ya majuma manne mashine ina watu 60, kijana ana 40. Hapo wengi huacha kuhesabu, wakanunua. Lakini mashine imeacha nyuma yake watu 340 waliokataa au walionyamaza, na kijana ameacha 40. Mawakala wa Ujerumani wanaouza safari za kaskazini mwa Tanzania hawajai mji. Ni watu wa kuhesabika, na ndio hao hao atakaowahitaji mwakani na mwaka wa tatu. Ombi ukiliondoa, huwezi kumwomba tena mtu yule yule mpaka zipite hadi wiki tatu, na hata zikipita, ataliona jina lile lile alilolipuuza.

Sisi Watanzania tunaufahamu mchezo huu kwa upande wa mpokeaji. Nani hajapata ule ujumbe wa simu, "Ile hela tuma kwenye namba hii"? Tapeli anaweza kuutuma kwa maelfu, kwa sababu anahitaji mmoja tu wa kumwibia, na hana haja ya kuonana naye tena. Mwongoza watalii hawezi kufanya biashara kwa hesabu ya tapeli.

Basi kwa mkono hufanywaje? Chukua mfano mmoja. Wako mawakala wanaouza safari ya kwenda kutazama michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mgeni akitoka Arusha kwenda Kolo kwa barabara kuu, lazima apite Babati. Kijana akisoma tovuti ya wakala huyo, ataona ratiba: siku fulani wanaondoka Arusha, siku fulani wako Kolo. Sasa anayo sababu ya kubisha hodi. Ataandika hivi, kwa lugha wanayoielewa: "Safari yenu ya Kolo hupita Babati. Mimi huwapeleka wageni kwa mtumbwi kuona viboko ziwani, kwa muda wa saa mbili. Ningependa tufahamiane." Maneno hayo yanaenea katika herufi 200, ambazo ndizo akaunti ya bure huruhusiwa. Mashine isingeweza kuyaandika kwa barua yake moja ya watu wote, kwa kuwa wakala mwingine haendi Kolo kabisa.

Akaunti ya bure hupewa maelezo ya namna hiyo machache tu kwa mwezi, kwa hiyo yawekwe kwa wale wanaofaa zaidi. Kwa wengine aanze na madereva na waongozaji wa Arusha wanaomjua kwa sura. Wakala wa Ulaya akifungua ombi lake, huonyeshwa watu ambao wote wawili wanawafahamu, na jina la dereva aliyewahi kumbebea wageni lina uzito kuliko sifa zozote utakazojipa.

Kijana ameniambia ameshatuma maombi kadhaa ya ovyo kabla ya kuniuliza. Hayo aingie kwenye orodha ya Sent, ayatazame moja moja, na yaliyokaa zaidi ya mwezi bila jibu ayaondoe kwa kubonyeza Withdraw. Asingoje yafe yenyewe, maana huchukua miezi sita, na kwa muda wote huo yanahesabiwa miongoni mwa yanayoning'inia.