Kuokoa Data Hakuharakishi Faili

Mwombaji wa chuo anataka kupakua mwongozo wa udahili. Ni faili la PDF la megabaiti 12, na juu ya kioo cha simu yake pameandikwa E, si 4G. Kwa kasi ya kilobiti 100 kwa sekunde, faili hilo litachukua dakika 16 hivi, mtandao usipokatika. Wengi hapo hukimbilia Opera Mini wakidhani itafupisha muda huo. Haitafupisha.

Kinachobanwa na Opera Mini ni kurasa. Seva zake huuchukua ukurasa, hupunguza uzito wa picha, kisha huutuma simuni ukiwa mwepesi. PDF hushuka na megabaiti zake zote 12. Kwa hiyo tumia hali hiyo kuutafuta mwongozo, na usitarajie nafuu wakati wa kuupakua. Ukichagua `Extreme`, ukurasa huandaliwa kwenye seva, na baadhi ya vitufe hufa: unabonyeza, kimya. Hapo shuka hadi `High`, kwani kufungua ukurasa upya kutakula bando bure.

Kwenye Chrome usihangaike kutafuta `Lite mode`; Google iliiondoa mwaka 2022. `Data Saver` ya Android yenyewe ni jambo jingine. Kazi yake ni kuzuia programu zilizo nyuma ya pazia zisitumie data. Ukitoka Chrome kwenda kusoma ujumbe na upakuaji ukasimama, anza kwa kuishuku hiyo.

Huenda kiungo cha mwongozo kisionekane kwenye ukurasa wa simu. Gusa nukta tatu, weka tiki kwenye `Desktop site`. Kivinjari sasa kinajitambulisha kama kompyuta, na tovuti nyingi hujibu kwa ukurasa mpana, wenye picha kubwa na vikorombwezo vingi. Kwenye mtandao wa E huo ni mzigo hasa. Chukua kiungo, kisha ondoa tiki mara moja. Watu huisahau, halafu siku nzima wanalaumu mtandao.

Kabla ya kuanza kupakua, ingia `Settings`, `Downloads`, kisha `Download location`, uone faili litaangukia wapi na kama nafasi ipo. Ukibadilisha mahali, mafaili ya zamani hubaki yalipo. Memori kadi inafaa, ila kwenye Android za kabla ya toleo la 11 Chrome huyaweka mafaili ndani ya folda yake yenyewe kwenye kadi. Ukiiondoa Chrome, nayo yanakwenda.

Mtandao ukikatika katikati, fungua `Downloads` na ubonyeze `Resume`. Hesabu ikiendelea kutoka megabaiti 7, seva ya chuo inakubali kuendeleza pale palipoishia. Ikirudi sifuri, haikubali, na kila kukatika kutakuanzisha upya. Faili hilo litafute penye waifai.