Mtego, gundi au sumu: kupambana na panya penye mtoto na mbwa

Ndugu mfugaji, mahindi yakishaingia ghalani, panya nao huhamia bomani. Mkoani kwetu Lindi tunajua panya haharibu chakula tu. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba homa iliyokuwa ikiwatoa watu damu puani wilayani Ruangwa ni homa ya mgunda. Wakati huo waliougua walikuwa 20, na 3 kati yao walikuwa wamefariki. Ugonjwa huu hukaa kwenye mkojo wa panya na wa wanyama wengine, na ng'ombe wenye mimba huweza kutupa kwa sababu yake. Kwa hiyo panya aondoke, lakini njia ya kumwondoa isije ikaumiza mtoto au mbwa.

Msimu mmoja niliitwa kwenye boma moja upande wa bara wa Kilwa. Mbwa wawili wa kuchungia walikuwa wamelegea, fizi zao nyeupe, mmoja akitokwa damu puani. Baba mwenye boma alisema ni kupe, na mimi pia nilianza kwa kutafuta kupe, maana ugonjwa wa kupe nao humtoa mbwa damu. Ndipo mama akakumbuka kwamba wiki iliyopita waliweka punje za bluu chini ya kitanda. Mbwa hawakuwa wamezigusa punje zile. Walikuwa wamekula panya waliotoka nje wakipepesuka.

Punje na vipande vya rangi, vyenye brodifakumu au bromadioloni, huzuia damu kuganda. Panya hafi usiku ule. Huendelea kutembea siku tatu, nne au zaidi akiwa na sumu mwilini, na mbwa au paka anayemla huila pia. Dawa yake ipo, ni vitamini K1, lakini huweza kuhitajika kwa wiki nne. Mbwa mmoja tulimwokoa, wa pili alikufa kesho yake. Ile sahani ya punje tuliikuta imesogezwa, na chumba kile alilala mtoto anayetambaa. Alipelekwa zahanati siku hiyohiyo.

Unga mweusi wa kijivu unaouzwa kwenye vikaratasi bila maandishi ni mbaya zaidi. Mara nyingi ni fosfidi ya zinki, yenye harufu kama ya kitunguu saumu. Ikifika tumboni hutoa gesi inayoua kwa saa chache, na haina dawa ya kuizimua. Watu huichanganya na pumba au dagaa, yaani chakula kilekile cha kuku na mbuzi wako. Kwenye boma lenye watoto, mimi siishauri kabisa.

Gundi nayo watu huiona salama kwa kuwa haina sumu. Vumbi la bomani huifanya isinate mapema, na vifaranga hukwama. Panya hunaswa akiwa hai, anang'ata, anakojoa, na mtoto humsogelea kumwangalia. Paka akinatwa, usimvute. Lainisha gundi kwa mafuta ya kula, kisha mwoshe kwa sabuni.

Uliobaki ni mtego wa kufyatuka, nao ndio ninaouchagua. Unaweza kuvunja kidole cha mtoto, kwa hiyo ufunike. Chukua ndoo kuukuu ya lita 20, kata tundu la upana wa vidole vitatu kwenye ukingo, kisha ifunike juu ya mtego. Tundu lielekee ukutani, ibaki nafasi ya panya kupita tu, na juu uweke jiwe zito. Panya hupenda kupita akigusa ukuta, ataingia. Pua ya mbwa haitaingia.

Chambo kizuri hapa kwetu ni nazi iliyochomwa au karanga iliyopondwa. Ifunge kwa uzi, la sivyo ataichukua bila kufyatua. Usiku mbili za mwanzo weka chambo bila kutega, panya akizoee kitu kigeni. Usiku wa tatu tega mitego mitano au sita kwa pamoja, pale unapoona mavi yake. Watu wengi hutega mmoja, wakakosa, wakarudi kwenye sumu. Tega mifugo ikishaingia zizini, tegua alfajiri kabla ya kukamua, na mchana itundike juu darini.

Panya aliyekufa mshike kwa mfuko wa plastiki uliovaa mkononi, mzike kwa kina ambacho mbwa hatafukua, kisha nawa kwa sabuni.

Mtoto akila sumu yoyote, usimtapishe wala usimpe maziwa, kwa kuwa si dawa yake na yanakuchelewesha. Mpeleke kituo cha afya mara moja pamoja na pakiti au mabaki ya sumu, hata kama anacheza na haonyeshi dalili. Akitapika baada ya kula ule unga mweusi, mtoe penye hewa, kwani gesi hutoka na matapishi. Kwa mbwa, niite siku hiyohiyo. Ukisubiri uone damu, umechelewa.