Zain Iliyojificha Ndani ya Zainabu

Kampuni moja ya simu iliyofanya kazi Kenya imevaa majina manne katika miaka kama kumi hivi. Ilianza kama KenCell mwaka 2000, ikawa Celtel mwaka 2004, mwaka 2008 ikaitwa Zain, na mwaka 2010, baada ya Bharti ya India kununua mitandao ya Zain katika nchi 15 za Afrika, ikawa Airtel. Tanzania na Uganda nako Celtel iligeuka Zain, kisha Airtel. Mabango yalipakwa rangi upya na vibanda vya mawakala vikabadilishwa. Kazi ambayo haikuonekana barabarani ilikuwa ndani ya kompyuta: barua, fomu, orodha za bei, vijitabu vya mafunzo na majedwali ya wateja, vyote vikiwa na jina la zamani mamia ya mara.

Mtu wa ofisini akikabidhiwa kazi ya namna hiyo hufungua dirisha la kutafuta na kubadilisha, akaandika Zain juu na Airtel chini, kisha akabonyeza kitufe cha kubadilisha zote. Sekunde mbili, kazi imekwisha. Matatizo huonekana wiki inayofuata.

Chanzo chake ni kwamba jina la biashara haliandikwi kwa namna moja. Katika sentensi ya kawaida ni Zain. Kwenye kichwa cha tangazo ni ZAIN. Kwenye nembo yenyewe liliandikwa kwa herufi ndogo tupu, zain, na ndivyo pia lilivyokaa kwenye anwani za barua pepe na za tovuti. Sisi tunasoma zote tatu kama jina moja bila kufikiri. Kompyuta kila herufi inaihifadhi kama namba, na Z kubwa ni 90 ilhali z ndogo ni 122. Kwa hiyo ukiiambia izingatie ukubwa wa herufi, ZAIN na Zain ni maneno mawili yasiyohusiana. Ukiiambia isizingatie, inayaona yote kuwa sawa, pamoja na mengine ambayo hukuyakusudia.

Tuchukue ilani ya mistari minne, ya kubuni, lakini mfano wa zile zilizojaa ofisini enzi hizo. Zap ilikuwa huduma ya Zain ya kutuma pesa iliyoanza mwaka 2009, na baadaye ikaitwa Airtel Money.

```
ILANI KWA MAWAKALA WA ZAIN
Bi. Zainabu atapokea malipo ya Zain Zap.
Wakala awezapo, alete stakabadhi mapema.
Barua pepe: wakala@zain.mfano
```

Tuifungue kwa Notepad, ambayo kwa kawaida haijali ukubwa wa herufi, tubadilishe zain kuwa Airtel na zap kuwa Airtel Money:

```
ILANI KWA MAWAKALA WA Airtel
Bi. Airtelabu atapokea malipo ya Airtel Airtel Money.
Wakala aweAirtel Moneyo, alete stakabadhi mapema.
Barua pepe: wakala@Airtel.mfano
```

Kila mstari una kasoro, na kila kasoro ina sababu yake. Kichwa kimepoteza herufi kubwa. Bi. Zainabu amepewa jina jipya. Zain Zap imezaa Airtel mbili zilizofuatana. Kitenzi awezapo kimechanwa katikati, kwa kuwa herufi z, a na p zimo ndani yake, kama zilivyomo ndani ya aanzapo, auzapo na kila kitenzi cha jamii hiyo. Anwani ya barua pepe nayo imeelekezwa mahali ambapo pengine hapapo kabisa.

Wengi hapo hukimbilia dawa moja: kuweka alama kwenye kisanduku cha `Match case`, kinachoilazimisha programu izingatie ukubwa wa herufi. Tukiirudia kazi hivyo kwa kutafuta Zain na Zap, awezapo inasalimika na anwani inasalimika, maana zote mbili zina herufi ndogo. Lakini kichwa cha habari kinabaki na ZAIN ya zamani, na Bi. Zainabu bado ni Airtelabu. Jina lake linaanza kwa Z kubwa sawasawa na jina la kampuni, kwa hiyo ukubwa wa herufi hauwezi kamwe kumwokoa. Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo mawili. Kuzingatia ukubwa wa herufi kunajibu swali la jinsi neno lilivyoandikwa. Hakujibu swali la mahali neno linapoanzia na kuishia.

Swali hilo la pili lina kisanduku chake. Kwenye Word, bonyeza Ctrl na H kwa pamoja, kisha `More`, utakiona kikiitwa `Find whole words only`: tafuta neno zima tu. Kikiwekwa alama, Zainabu haiguswi na awezapo haiguswi, kwa kuwa humo ndani Zain na zap si maneno yanayojitegemea. Hata hivyo, neno zima kwa kompyuta ni kipande cha herufi kilichozungukwa na kitu kisicho herufi wala tarakimu. Nafasi ni kitu kama hicho. Nukta na alama ya @ pia. Ndiyo maana zain iliyomo katika `wakala@zain.mfano` huhesabiwa mara nyingi kuwa neno zima na kubadilishwa. Ulinzi wa anwani unatokana na kuzingatia ukubwa wa herufi, ulinzi wa Zainabu unatokana na neno zima, na kazi hii inavihitaji vyote viwili kwa pamoja.

Vikitumika pamoja, hakuna tena amri moja inayoweza kukamata ZAIN na Zain kwa mkupuo. Unapita mara mbili: mara ya kwanza ZAIN kuwa AIRTEL, mara ya pili Zain kuwa Airtel. Kabla ya zote mbili unabadilisha jina refu, Zain Zap, ili lisije likaliwa nusu na kuacha Airtel Airtel Money. Kanuni ya mafundi ni jina refu kwanza, fupi baadaye. Kwa anayetumia Linux, kazi nzima ni hii:

```
sed -i.bak \
 -e 's/\bZain Zap\b/Airtel Money/g' \
 -e 's/\bZap\b/Airtel Money/g' \
 -e 's/\bZAIN\b/AIRTEL/g' \
 -e 's/\bZain\b/Airtel/g' ilani.txt
```

Alama ya `\b` ni mpaka wa neno, na `-i.bak` huacha nakala ya faili la awali pembeni. Angalia kwamba hakuna mstari unaoigusa zain ya herufi ndogo. Hiyo nimeiacha makusudi. Katika maandishi ya ofisi, jina la kampuni likionekana kwa herufi ndogo tupu, mara nyingi ni anwani, na anwani haibadilishwi mpaka mtu athibitishe kwamba mpya ipo na inafanya kazi. Majina ya picha ni hatari zaidi, kwa sababu faili linaloitwa `Zain.png` lina Z kubwa na nukta, hivyo amri yetu italibadilisha kwenye maandishi ilhali picha yenyewe kwenye seva bado ina jina la zamani. Ukurasa utafunguka na tundu pale ilipokuwa nembo.

Word ina tabia moja inayowashangaza wengi. Usipoweka alama kwenye `Match case`, inajaribu kufuata umbo la neno ililolikuta: ukiandika airtel kwa herufi ndogo kama neno jipya, ZAIN inakuwa AIRTEL, Zain inakuwa Airtel, na zain inabaki ndogo. Hiyo ni huduma nzuri, ila inaelewa mitindo mitatu tu ya uandishi: ndogo zote, kubwa ya mwanzo, na kubwa zote. Jina kama KenCell, lenye kubwa katikati, haliingii katika mtindo wowote kati ya hiyo. Tatizo likiwa kinyume chake, yaani unataka mitindo yote igeuke kuwa mmoja, huduma hiyohiyo inakuwa kero. Safaricom huandika M-PESA kwa herufi kubwa na kistari, wakati watu huandika Mpesa, mpesa, M-pesa na MPESA. Mhariri anayezisawazisha zote hana haja ya kuhifadhi umbo la zamani. Anatafuta mpesa, kisha m-pesa, bila kujali ukubwa wa herufi, anaweka neno zima, na kila kinachopatikana kinakuwa M-PESA. Kusawazisha jina na kubadili jina ni kazi mbili, na mipangilio inayofaa moja inaharibu nyingine.

Majedwali ya Excel yanastahili woga wa pekee. Dirisha lake la kubadilisha halijali ukubwa wa herufi hadi uliagize, na halina kisanduku cha neno zima. Kilichopo kinadai seli nzima ilingane na unachotafuta. Kwenye orodha ya wateja, ambako majina huandikwa kwa herufi kubwa, ZAINABU JUMA anageuka AirtelABU JUMA, na katika safu elfu kadhaa hakuna atakayemwona siku hiyo. Chagua kwanza safuwima ya mtandao peke yake, ndipo ubadilishe ndani yake. Fomula nayo ina tabia iliyo kinyume na dirisha: `=SUBSTITUTE(A2,"Zain","Airtel")` huzingatia ukubwa wa herufi siku zote, kwa hiyo seli zenye ZAIN zinabaki vilevile bila onyo.

Kabla ya kubadilisha chochote, napendekeza kuyahesabu maumbo yaliyomo. Amri hii hutafuta bila kujali ukubwa wa herufi na kuorodhesha kila neno lenye zain ndani yake, pamoja na idadi:

```
grep -ohi '[[:alnum:]]*zain[[:alnum:]]*' *.txt | sort | uniq -c
```

Tuseme inakupa Zain 212, ZAIN 31, zain 9, Zainabu 14 na Zainul 2. Sasa unajua kwamba zinazopaswa kubadilika ni 243 zaidi ya zote, kwamba 9 zitatazamwa kwa macho, na kwamba majina 16 ya watu yasiguswe. Baada ya kazi endesha amri hiyohiyo tena. Zainabu wakipungua, ukakuta 13, kuna mmoja aliyemezwa. Kisha tafuta Airtel iliyoshikana na herufi nyingine, na Airtel mbili zilizofuatana.

Zipo Zain ambazo hakuna kisanduku kitakachozitambua. Bwana aitwaye Zain ni neno zima lenye Z kubwa. Zain Sudan haikuwemo katika mauzo yale, na kundi la Zain la Kuwait lipo hadi leo. Mkataba uliosainiwa mwaka 2009 ulisainiwa na Zain na lazima uendelee kusema hivyo. Kwa hizo kuna kitufe cha `Find Next`, kinachokupeleka kwenye kila moja na kusubiri uamue.